Lita Zilizoliwa na Msumeno

Mama Tepu hakuwa mtu wa kukisia. Siku bintiye alipomleta mchumba nyumbani, ndugu wote walitaka kujua kijana anafanya kazi gani na anatoka kwa nani. Yeye alimtazama mara moja tu, akasema atagonga kichwa kwenye mlango wa sebuleni, kwa kuwa ameuzidi urefu kwa sentimita mbili. Kijana akacheka kwa adabu, akainuka kwenda kunawa mikono, akagonga. Ndoa ilifungwa hata hivyo, na mpaka leo mkwe huyo akifika pale huinama tangu nje ya uzio.

Kwa miaka kumi na tisa Mama Tepu alikuwa mpimaji wa kiwanda cha kupasua mbao kilichoko nyuma ya stesheni. Magogo yakishushwa kwenye lori, yeye ndiye aliyeyapokea na tepu yake ya chuma mkononi na chaki nyuma ya sikio. Aliyapima kichwani na kitakoni, akaandika, kisha akamwambia mpasuaji apange vipi. Mpasuaji mwenyewe aliitwa Mzee Meno, si kwa sababu alikuwa nayo mengi kinywani, bali kwa sababu aliyapenda meno ya msumeno wake kuliko wengine wanavyowapenda jamaa zao. Hao wawili walielewana bila maneno mengi. Mama Tepu akisema gogo hili lina mbao sita, Mzee Meno hakuuliza. Alipasua, zikatoka sita.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja Mkurugenzi mpya.

Mkurugenzi huyu alitoka kwenye kampuni ya maji ya chupa, na alikuja na sifa zake kibao. Huko kwenye maji, alisema katika kikao chake cha kwanza, alikuta kiwanda kinavuja kila kona, akakiacha hakidondoshi hata tone. Alisema maneno hayo mara nne. Wafanyakazi walipiga makofi mara nne, maana walidhani kila mara ndiyo mwisho wa hotuba.

"Kule tulikuwa tunaingiza lita elfu moja," alisema, "tunatoa lita elfu moja. Zikitoka mia tisa, kuna bomba limepasuka au kuna mtu ana mkono mrefu. Mambo ni hayo tu."

Basi wiki ya pili aliomba vitabu vya mapokezi. Hakumwita Mama Tepu amweleze. Mtu mwenye akili zake haulizi wapimaji. Alijifungia ofisini na kikokotoo, akachukua mzingo wa kila gogo kitakoni, pale palipo panene kuliko pote, juu ya gome lake, akatafuta ujazo wake kana kwamba gogo ni pipa lililonyooka. Akajumlisha lita za mwezi mzima. Kisha akajumlisha lita za mbao zilizotoka. Akapata kwamba katika kila lita mia zilizoingia getini, ni arobaini na tatu tu zilizoonekana kwenye ghala la mbao. Hamsini na saba hazikujulikana zilipo.

Wanasema sekretari alimsikia akipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

Mtu mwingine angejiuliza maswali mawili matatu. Kama kweli zaidi ya nusu ya mbao za kiwanda zilikuwa zinaibwa kila mwezi, basi mwizi alihitaji malori, wapakizi, na usingizi mzito wa walinzi wote. Mama Tepu alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu na mkoba mmoja, na mkoba huo Mlinzi Mkuu aliupekua kila jioni kwa miaka kumi na tisa, akakuta kila jioni miwani, leso na tepu. Lakini Mkurugenzi hakuwa na muda wa maswali. Alikuwa na asilimia.

Asubuhi yake barua ilibandikwa getini, kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo hata muuza magazeti na wapita njia wanaweza kusoma bila kushuka baiskeli. Ilikuwa karatasi nzima, kichwa chake kwa herufi nene: UPOTEVU WA ASILIMIA HAMSINI NA SABA YA MBAO. Chini yake iliandikwa kwamba mpimaji amesimamishwa kazi kwa tuhuma za wizi, atajieleza mbele ya kamati baada ya siku saba, na asipojieleza vya kutosha atafukuzwa na kupelekwa polisi. Ili pasiwe na shaka ni mpimaji yupi, walibandika na picha yake ya kitambulisho, ile aliyopigwa akiwa na mafua.

Mama Tepu aliisoma akiwa amesimama na watu wamemzunguka. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Wamepima na gome." Kisha akageuka akaenda zake nyumbani.

Siku zile saba zilikuwa ndefu. Mtaa ambao kwa miaka yote haukujua anafanya kazi gani hasa, sasa ulijua mpaka asilimia. Jirani wa mkono wa kulia alikuja kuazima chumvi, akakaa nusu saa akiuhesabu mlango wa mbele kwa macho: mbao tano, na kizingiti. Jirani wa mkono wa kushoto alisifia banda la kuku, akauliza kwa upole limejengwa lini. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa maneno machache, alikata shauri kufungua mlango na kuufunga kwa kishindo kila jirani alipopita, basi, ili wauone vizuri.

Hayo yote Mama Tepu aliyavumilia. Lililomuuma ni la jioni ya siku ya tatu. Mama mkwe wake, waliyeishi naye tangu alipoanza kusumbuliwa na magoti, alimwita chumbani, akamwambia afunge mlango.

"Mwanangu," alisema yule bibi, "mimi ni mama yako. Kama ulichukua, niambie tu. Tutazirudisha polepole."

"Mama, sikuchukua."

"Hata chache?"

"Hata moja, mama."

"Haya," alisema mama mkwe, akageukia ukutani. "Mungu ndiye anayejua."

Ilimchoma moyo. Kufukuzwa kazi ni kitu kimoja. Mtu hula kidogo, akatafuta nyingine. Lakini kuishi nyumba moja na mtu anayekuita mwanangu huku akidhani wewe ni mwizi, Mama Tepu aliona hawezi. Alikaa jikoni akitazama maji yakichemka mpaka yakaisha kwenye sufuria. Usiku huo huo hakupanga lolote, alilala tu vibaya. Kulipokucha alimtumia Mzee Meno ujumbe: anoe msumeno, na atafute kamba.

Siku ya kamati ilikuwa ya jua kali, na kikao kiliwekwa uwanjani mbele ya banda la msumeno. Kamati yenyewe ilikuwa ya watu watatu: Mhasibu, ambaye ndiye mwenyekiti, Afisa Utumishi, na Mlinzi Mkuu wa mikoba. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia kwenye banda la msumeno, kwa maelezo kwamba kuna vumbi. Mkurugenzi hakuwa mjumbe, ila alikuja na kiti chake.

"Jieleze," alisema Mhasibu.

"Sina cha kueleza kwa mdomo," alijibu Mama Tepu. "Naomba lipasuliwe gogo moja mbele yenu, mlichague wenyewe. Na kisitoke kitu hapa, hata unga wa mbao."

Mkurugenzi alifurahi kupita kiasi. "Hata tone!" alisema. Aliinuka akalichagua gogo yeye mwenyewe, zuri, limenyooka, la mita tatu. Alilizungushia tepu kitakoni: sentimita mia moja hamsini na saba. Kikokotoo kikafanya kazi. "Lita mia tano themanini na tisa," alitangaza. "Tunategemea lita mia tano themanini na tisa. Mwandike."

Afisa Utumishi akaandika.

Mama Tepu aliomba kitu kimoja. Mzee Meno alizungusha kamba kwenye kitako cha gogo, pale pale Mkurugenzi alipopima, ikabana vizuri, akaifunga fundo, kisha akaivuta ikatoka kama pete kutoka kidoleni. Pete hiyo ya kamba aliitundika kwenye msumari. Hakuna aliyeuliza ya nini. Kamati ilidhani ni mambo ya kiufundi.

Halafu walitandika turubai, wakamenya magome. Yalikuwa na unene wa sentimita mbili kila upande, magumu, yenye nyufa, na Mama Tepu alisimamia yasidondoke hata kipande nje ya turubai. Gogo lilipobaki uchi alikwenda kichwani, upande ule mwembamba, akapima kipenyo: sentimita arobaini kamili.

"Mbona unapima huko kwembamba?" aliuliza Mkurugenzi. "Huku ni arobaini na sita."

"Ubao unatakiwa uwe na upana mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, bosi. Nikipima kwenye kitako, huku mwisho ubao utakuwa hewa."

"Hilo tutaliona," alisema Mkurugenzi, kwa namna ya mtu ambaye ameshaliona na amelikataa.

Mama Tepu alitoa chaki nyuma ya sikio, akachora palepale kwenye uso wa gogo. Alichora mstari mnene katikati, akasema hiyo ni njia ya msumeno, milimita sita. Akachora ubao wa sentimita tano juu yake, kisha njia nyingine ya msumeno, ubao mwingine, njia, ubao. Akafanya vivyo hivyo kwa chini. Mbao sita, tatu juu na tatu chini, na msumeno utapita mara saba. Kisha akaandika upana wa kila ubao, kulingana na pale duara lilipouruhusu: mbili za katikati sentimita thelathini na tano, mbili zinazofuata thelathini, mbili za nje ishirini. Kilichobaki juu na chini ya mstari wa mwisho kilikuwa mduara mtupu, wa kutoa mabanzi, vile vipande vya nje visivyotosha ubao.

"Zitatoka lita mia mbili hamsini na tano," alisema. "Andikeni na hiyo."

Mhasibu alimtazama kwa huruma. Ni kama mtu amekiri mbele ya mashahidi.

Mzee Meno akawasha. Msumeno wa duara ukalia, kitoroli kikasogea na gogo, na unga ukaanza kumwagika pembeni, mwepesi na wa rangi ya dhahabu. Kamati ilirudi nyuma hatua sita. Kila kipande kilipoanguka, Mama Tepu alikiandika namba kwa chaki: banzi la juu, ubao wa kwanza, wa pili, mpaka banzi la chini. Kisha mbao zikanyooshwa kando zao, na kile kipande chenye ukingo wa mviringo kilichokatwa kila upande kikapewa namba ya ubao wake. Zilitoka mbao sita. Mhasibu alizipima mwenyewe mara mbili, akitumaini zitaongezeka. Lita mia mbili hamsini na tano.

"Haya," alisema Mkurugenzi, akisugua mikono. "Na zile nyingine?"

"Ziko hapo zote," alisema Mama Tepu, akionyesha turubai.

Hapo ndipo kamati ilipofanya kazi yake, na ilifanya kwa bidii ambayo ingefaa kwa jambo lolote jingine. Walipanga mabanzi na vile vipande vya kando rundo moja, wakapima urefu, upana na kimo cha rundo, pamoja na hewa yote iliyolala katikati. Waliyalundika magome, wakayapima vivyo hivyo. Unga wa mbao waliuzoa kwa ndoo ya lita ishirini, Mlinzi Mkuu akihesabu kwa sauti ya gwaride: zikawa ndoo nane na nusu. Mhasibu akajumlisha kwenye kivuli. Akajumlisha tena. Akavua miwani.

"Mkurugenzi," alisema, "zimekuja lita mia nane arobaini na tano."

Gogo liliingia na lita mia tano themanini na tisa.

Mama Tepu alifungua mdomo aseme kwamba unga uliomwagwa ndoo hukaa mara tatu ya mti wenyewe, kwa kuwa umejaa hewa. Kwamba rundo la mabanzi ni kama rundo la sahani chafu, nusu yake ni nafasi. Lakini Mkurugenzi alikuwa amekwisha simama, na uso wake uling'aa.

"Mnaona?" alisema. "Mnaona, jamani? Kiwanda hiki kinazalisha asilimia mia moja arobaini na tatu! Na huyu mama anatukabidhi arobaini na tatu! Kumbe haibi hamsini na saba. Anaiba mia nzima!"

Afisa Utumishi akaandika: anaiba mia nzima.

Mzee Meno alikaa chini kwenye banzi, akashika kichwa. Miaka yote alikuwa akidhani kwamba ukimwonyesha mtu kitu kwa macho yake ataelewa. Mlinzi Mkuu alimsogelea Mama Tepu taratibu, kama mtu anayejiandaa kushika mkono wa mtuhumiwa, ingawa aibu ilimfanya aangalie viatu vyake. Alikuwa amepekua mkoba ule mara nyingi mno.

Mama Tepu alimwona akilini mama mkwe wake amegeukia ukutani. Kisha hasira ikampanda, na ilikuwa hasira nzuri, ya mtu aliyechoka kueleweshana. Alipiga moyo konde.

"Hamjamaliza," alisema. "Lirudisheni gogo."

"Lirudishwe vipi?" aliuliza Mhasibu.

"Lipangeni kama lilivyokuwa. Namba ziko hapo."

Basi watu wanne, Mzee Meno na wapakizi watatu, walianza kulirudisha. Banzi la chini likalala chali. Juu yake ubao wa sita na vipande vyake viwili vya kando, kisha wa tano, wa nne. Kamati iliyokuwa mbali ikaanza kusogea, maana hata mtu mzima hawezi kukaa mbali na kitu kinachopangwa. Mlinzi Mkuu alisahau kazi yake akawa anasoma namba. Lilipowekwa banzi la juu, mbele yao lilisimama gogo, ila lilikuwa gogo la ajabu, limebonyea kama mkate uliokaliwa. Kwa upana lilikuwa karibu lilelile. Kwa kimo lilikuwa fupi.

Mama Tepu aliichukua ile pete ya kamba kwenye msumari, akaivisha kitakoni kwa gogo. Pete iliyobana asubuhi sasa ilining'inia. Akaikusanya ile sehemu iliyolegea, akaibana kwa vidole, akapima: karibu sentimita ishirini.

"Weka mkono hapo, bosi," alisema.

Mkurugenzi hakutaka, lakini watu walikuwa wanatazama. Aliingiza mkono wake kati ya kamba na mti. Uliingia wote mpaka kwenye saa.

"Hapo ulipoweka mkono palikuwa na gome," alisema Mama Tepu. "Gome halitengenezi meza. Na hilo bonde la juu, sentimita nne na ushee, ndiko ulikopita msumeno mara saba, milimita sita kila ukipita. Hakuna aliyezibeba. Ziko kwenye ndoo zenu nane na nusu, mkizishindilia zirudi kuwa mti hazitajaza ndoo tatu. Na haya mabanzi mnayaona, mduara hauna pembe. Mti haukuzaliwa sanduku."

Mhasibu aliinama akachungulia. Alikuwa mtu wa namba, lakini si mpumbavu. Aliingiza na yeye mkono. Kisha Afisa Utumishi. Kisha Mlinzi Mkuu, ambaye aliuingiza na kuutoa mara tatu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Kwa hiyo," alisema Mhasibu polepole, "hakuna kilichoibwa."

"Ngoja kwanza," alisema Mkurugenzi. Ni aibu kubwa kwa mtu wa maji kuvuja mbele ya watu. "Huu msumeno nao! Milimita sita za nini? Tununue msumeno usio na unene."

Mzee Meno aliinua kichwa. "Huo unaitwa uzi, bosi. Nao haukati. Chuma chenyewe ni milimita nne. Meno nayachanua huku na huku ili njia iwe pana kuliko mwili wake. Nisipoyachanua, msumeno unabanwa na mti katikati ya safari, unaungua, na mimi naungua nao."

Kamati ilijadili kwa saa moja na robo. Ilitoa mapendekezo mengi ya busara, likiwamo la kumwandikia msumeno barua ya onyo, ambalo liliondolewa kwa kuwa haikujulikana nani atapokea nakala. Mwishowe ilikubali kwa kura tatu kwamba Mama Tepu hana hatia, arejee kazini kesho yake, na kwamba kuanzia sasa ujazo wa magogo uhesabiwe bila gome, upande mwembamba, kama alivyokuwa akifanya kwa miaka kumi na tisa. Utaratibu huo mpya ukaitwa Mfumo wa Mkurugenzi.

Kesho yake asubuhi Mama Tepu alifika getini mapema. Ile barua ya wizi ilikuwa imebanduliwa, na misumari minne imebaki. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa pale, na kipande cha karatasi mkononi, akitafuta mahali pa kukibandika penye kivuli. Kilikuwa kipande chembamba kilichokatwa kwa mkasi. Kilisema: Mpimaji amerejea kazini. Suala lake limekwisha.

Wafanyakazi walikuwa wanaingia zamu. Muuza magazeti alikuwa amesimama. Mama Tepu aliwaamkia wote, akatoa tepu kwenye mkoba, akaiweka juu ya kile kipande cha karatasi.

"Sita kwa kumi na mbili," alisema.

"Mama, ingia kazini," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya chini. "Yamekwisha hayo. Barua kamili iko kwenye faili lako, imepigwa muhuri wa siri."

"Ile ya wizi ilikuwa ishirini na moja kwa ishirini na tisa na nukta saba," alisema Mama Tepu, na wala hakupunguza sauti. "Misumari yake ndiyo hii hapa, ilishika pembe nne. Hii ya leo, nikipiga hesabu, ni kumi na moja na ushee kwa mia ya ile ya kwanza. Bosi, hata gogo lililooza linatoa zaidi ya hapo. Hizo themanini na nane zimeliwa na msumeno gani?"

Mtu alicheka nyuma. Kisha wakacheka wengi, na Mzee Meno alicheka mpaka ikaonekana wazi hayo meno aliyonayo ni machache. Mkurugenzi alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakukuwa na bomba la kulaumu.

Mama Tepu hakucheka. "Nitasubiri hapa nje," alisema, akakaa kwenye jiwe la kando ya geti, mkoba magotini. Malori mawili ya magogo yalikuwa tayari yamefika, dereva mmoja akapiga honi, akauliza mpimaji yuko wapi. Watu wakamwelekezea vidole Mkurugenzi.

Ilichukua dakika arobaini. Sekretari alitoka na karatasi nzima, kichwa chake kwa herufi nene. Ilisema kwamba kamati imechunguza, kwamba hesabu za awali zilifanywa kimakosa juu ya gome na bila kuzingatia njia ya msumeno, kwamba mpimaji hakuiba chochote, na kwamba uongozi unaomba radhi. Ilikuwa na muhuri na saini. Mkurugenzi aliigongomea mwenyewe kwenye misumari ileile minne, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mama Tepu aliisogelea akaisoma toka juu mpaka chini. Alipofika mwisho machozi yalimtoka, yale aliyoyazuia siku nane, na hakujisumbua kuyafuta. Alitoa simu akampigia mama mkwe, akamsomea yote, neno kwa neno, mpaka tarehe. Upande wa pili yule bibi alisikika akijipangusa pua.

"Mwanangu," alisema, "nisamehe. Hebu soma tena hapo penye hakuiba."